Umeweka dola fiksidi, ukirudisha kwenye pesa ya nyumbani umepata asilimia ngapi kweli? Hesabu yake hatua kwa hatua

Watu wengi wakitaka kuweka dola benki wanafanya hesabu ya haraka kichwani, riba asilimia 4, dola nayo imepanda kama asilimia 4 na kitu, basi nimepata 8 na zaidi. Alafu siku ya kubadilisha hela inakuja pungufu na mtu anaanza kuhisi kaibiwa. Hajaibiwa, hesabu ndo ilikuwa na matobo. Nafanya hizi hesabu kila siku, ngoja tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Namba ni za kufundishia tu, weka zako.

Una 1,300,000 ya pesa ya nyumbani. Siku hiyo ubao wa benki unasema inanunua dola kwa 127 na inauza kwa 130. Amana ni ya miezi 12, riba asilimia 4 kwa mwaka, na tuseme kodi ya zuio kwenye riba ni asilimia 15. Mwaka ukiisha ubao unasoma kununua 133, kuuza 136.

Hatua ya 1: chagua reti sahihi mwanzo na mwisho

Hapa ndo hela nyingi inapopotelea kwa hiyo tukae kidogo. Maneno "kununua" na "kuuza" kwenye ubao yameandikwa kwa upande wa benki, sio wako. Wewe unapotaka dola benki ndo inauza, kwa hiyo unalipa 130 na unapata dola 10,000 kamili. Mwakani unapoirudisha benki ndo inanunua, unapewa 133. Ile 136 haikuhusu kabisa, na wala ile reti ya wastani inayotangazwa kwenye taarifa za habari haikuhusu, maana hakuna mtu atakubadilishia kwa hiyo. Kwa wastani dola imetoka 128.5 mpaka 134.5, yaani imepanda karibu asilimia 4.67. Kwako wewe imetoka 130 mpaka 133, ambayo ni asilimia 2.31 tu. Nusu ya faida ya reti imeshaondoka na bado hatujagusa chochote kingine.

Kuna jambo moja watu huniuliza sana, je kama dola zilikuwa zangu tayari, mfano mshahara wangu unalipwa kwa dola? Basi mwanzo wako sio 130. Ungeziuza siku ile ungepewa 127, kwa hiyo thamani ya kuanzia ni 1,270,000 na matokeo yako yatakuwa mazuri zaidi, tutaona huko chini. Na kama utachukua noti mkononi ulizia reti ya noti peke yake, mara nyingi ni mbaya kuliko ya kuhamisha kwenye akaunti.

Hatua ya 2: riba, baada ya kodi na kwa siku zako

Dola 10,000 kwa asilimia 4 ni dola 400, toa kodi 60, inabaki 340. Mwisho wa mwaka una dola 10,340, yaani riba yako halisi ni asilimia 3.4. Kama benki inakata chaji yoyote ya akaunti itoe hapahapa.

Ukiweka kwa siku chache kumbuka ile asilimia 4 ni ya mwaka mzima, gawa kwa siku. Lakini mabadiliko ya reti usiyagawe, yale ni yale yaliyotokea.

Hatua ya 3: zidisha, usijumlishe

Dola 10,340 mara 133 unapata 1,375,220. Gawanya kwa 1,300,000 uliyoanza nayo, inakuja 1.0579, kwa hiyo umepata asilimia 5.79. Sio 8.67 ile ya kichwani. Kwa yule aliyekuwa na dola zake tayari ni hela ileile 1,375,220 ila anagawa kwa 1,270,000, anapata asilimia 8.29. Amana moja, benki moja, majibu mawili na yote sahihi.

Mbona tunazidisha? Kwa sababu reti haigusi mtaji peke yake, inagusa na ile riba, hizo dola 340 nazo zinabadilishwa kwa 133. Kwenye namba ndogo kama hizi tofauti ni kiduchu, ukijumlisha 3.4 na 2.31 unapata 5.71 badala ya 5.79, hutakosa usingizi. Ila chukua sarafu inayolipa riba asilimia 20 alafu ikaanguka asilimia 20 dhidi ya pesa yenu. Ukijumlisha unaona sifuri, umetoka salama. Ukizidisha ni 1.20 mara 0.80, jibu 0.96, umepoteza asilimia 4 ya mtaji. Sarafu zenye riba kubwa ndo zinazowanasa watu hapa.

Kwenye Excel iko hivi, B1 riba ya mwaka, B2 kodi, B3 siku, B4 reti uliyonunulia, B5 reti unayouzia:

```
=(1+B1*(1-B2)*B3/365)*B5/B4-1
```

Baadhi ya benki riba ya dola wanahesabu mwaka wa siku 360, ulizia, kama ni hivyo badilisha 365. Jaribu na namba zetu (0.04, 0.15, 365, 130, 133), ukipata 0.0579 iko sawa. Ukipata jibu la ajabu angalia kwanza kama hujageuza B4 na B5.

Sasa kwenye formula hiyohiyo weka siku 90 na B5 iwe 127, yaani ubao haujasogea hata kidogo. Inakuja hasi, karibu asilimia 1.49. Riba ya miezi mitatu baada ya kodi ni kama asilimia 0.84 tu, wakati ile pengo ya 127 na 130 inakula 2.31 ukienda na kurudi. Amana fupi ya dola kwa mtu anayeanzia na pesa ya nyumbani ni ngumu sana kutoka na faida, pengo unalilipa lotelote hata ungekaa siku kumi.

Hatua ya 4: tafuta reti ya kukufanya usijute

Hii fanya KABLA hujaweka hela. Tuseme amana ya pesa ya nyumbani inalipa asilimia 9, kodi ileile, inabaki 7.65. Mwaka ukiisha ungekuwa na 1,399,450. Igawe kwa dola 10,340, inakuja kama 135.35. Yaani mwakani benki lazima inunue dola kwa 135.35 au zaidi ndo uwe umefanya la maana, na leo inanunua kwa 127, kwa hiyo inabidi ipande karibu asilimia 6.6. Karibu 4.1 ya hiyo ni kufidia tofauti ya riba na inayobaki ni kulipia pengo la ubao. Kwenye mfano wetu ilifika 133, kwa hiyo pamoja na dola kupanda huyu mtu kaachwa nyuma kwa 24,230 na jirani yake aliyeacha hela ilivyo.

Kama unachotaka ni mtaji tu urudi, gawa 1,300,000 kwa 10,340 upate 125.73, chini ya hapo unaanza kula mtaji. Na kama ada za shule au mzigo wako unalipwa kwa dola, hiyo 135.35 isikusumbue, hutabadilisha kurudi, kwako ni dola 10,340 na basi.