Ukiandika ripoti ya ajali kazini, futa neno "uzembe"

Juzi nimepitia ripoti ya jikoni, hoteli moja huku Nungwi: "Msaidizi wa mpishi aliteleza kwa uzembe, akavunjika mkono." Sentensi moja, makosa mawili. Uzembe ni hukumu, hakuna aliyeuona kwa macho. Na kuvunjika anasema daktari baada ya picha, si msimamizi wa zamu.

Tuliiandika upya hivi:

"Saa 4:10 asubuhi msaidizi alitoka stoo amebeba ndoo ya samaki kwa mikono miwili. Mbele ya friza sakafu ilikuwa na maji, upana wa hatua mbili hivi. Kibao cha tahadhari hakikuwepo. Aliteleza, akaangukia mkono wa kulia. Saa 4:15 kifundo kilikuwa kimevimba. Alisema hawezi kukunja vidole. Saa 4:30 alipelekwa spitali kwa gari ya hoteli."

Angalia hiyo ya kibao. Inasema hakikuwepo, haisemi nani kasahau kukiweka. Ukimtaja mtu hapo, kesho mashahidi wote wananyamaza, na hutajua maji yametoka wapi (yalikuwa yanavuja kwenye friza lenyewe).

Ulichoambiwa kiandike kwa "alisema", ulichokiona kiandike moja kwa moja. Na saa, jamani: andika "asubuhi" au "usiku" kila mara. Meneja mgeni akisoma 4:10 tupu ataelewa alfajiri, wakati jiko hata halijafunguliwa.