Jiwe la kusagia au kijaa? Jinsi ya kulisoma kwenye picha

Picha nyingi za mawe tunazoletewa zina swali moja tu, "hili ni nini?", na zimepigwa saa sita mchana, jua la utosini. Mwanga ule hufuta kila alama tunayoihitaji. Jiwe lililosagiwa miaka arobaini na jiwe lililochongwa na maji ya korongo hutokea yakifanana kabisa. Kwa hiyo somo hili linaanzia kwenye kamera, ndipo lije kwenye jiwe lenyewe.

Hatua ya kwanza: piga picha upya

Ngoja jua liwe chini, asubuhi kati ya saa moja na saa mbili, au jioni kabla ya magharibi. Ukishindwa, subiri usiku, weka tochi ubavuni mwa jiwe, karibu usawa na uso wake, ili mwanga uteleze juu yake. Hapo kila kidimbwi na kila mkwaruzo utatupa kivuli. Piga picha ya kutoka juu, ya ubavuni ili unene uonekane, ya karibu kwenye sehemu iliyolika, na moja ya upande wa chini. Weka rula kando. Usilimwagie maji wala kulipaka chaki ili "lionekane vizuri", na tafadhali usilisugue kwa brashi. Sababu ya hilo la brashi nitaieleza kwenye maswali.

Hatua ya pili: tafuta mwendo wa mkono

Umbo la nje hudanganya. Fundi aliokota jiwe lililomfaa, akalichonga kidogo, basi. Kinachosema ukweli ni sehemu iliyolika, kwa kuwa mkono una miendo mitatu tu hapa: kusukuma na kuvuta, kuzungusha, au kupiga kutoka juu.

Jiwe la kusukuma na kuvuta lina bonde refu, lenye umbo la yai au la mtumbwi. Mwanga wa ubavuni ukilipiga utaona mikwaruzo myembamba inayofuata urefu wa bonde. Jiwe la kuzungusha, yaani kijaa, ni la duara, na mikwaruzo yake huzunguka tundu la katikati kama mistari ya kisahani cha santuri. Palipotwangwa pana shimo la duara lenye kina, na chini ya shimo uso umepondeka, una vidonda vidogo vidogo badala ya mikwaruzo. Hicho ni kinu cha jiwe, kazi yake nyingine.

Hatua ya tatu: mama na mtoto

Kwetu jiwe kubwa la chini tunaliita mama, na dogo la mkononi mtoto. Wanyarwanda na Warundi wana jina kwa kila moja: urusyo ni la chini na ingasire ni la juu. Mara nyingi picha huja na mama peke yake, mtoto amepotea. Hata hivyo mama anatuambia mtoto alikuwaje. Bonde likiwa na kuta pande zote mbili, mtoto alikuwa mfupi kuliko upana wa bonde na alitembea ndani yake. Jiwe likiwa limelika upana wake wote, bila kuta, limebonyea katikati kama tandiko la punda, mtoto alikuwa mrefu kiasi cha ncha zake kuning'inia nje.

Kisha angalia ncha mbili za bonde. Msagaji hupiga magoti upande ulioinuka, anasukuma mbele kwa uzito wa mabega, na unga unateremka kwenda mbele hadi kwenye ungo, mkeka au ngozi. Kwa sababu hiyo ncha ya mbali mara nyingi iko wazi, ukingo wake umelika hadi ukawa kama mdomo. Ncha ya karibu na magoti hubaki nene. Ukiziona hizo mbili, unaweza kusema msagaji alikaa upande gani.

Picha moja tuifuate hadi mwisho

Mwanachama mmoja wa Kondoa alileta picha ya jiwe lililokuwa uani kwa bibi yake. Nyumbani wote walijua ni chombo cha kunyweshea kuku, na kweli lilikuwa na maji. Nilimwomba aliache likauke siku mbili, kisha apige tena saa moja asubuhi akiwa na rula.

Vipimo vikawa hivi: urefu sentimita 46, upana 30, unene 14. Bonde lina upana wa sentimita 22 na kina cha 6 penye kina zaidi. Ukitoa bonde na pembe zilizoviringika, inabaki kama lita 11 za jiwe. Lile ni la itale, ambayo ina takriban kilo 2.7 kwa lita, kwa hiyo lina kama kilo 30. Mtu hachagui mzigo huo kwa ajili ya kuku, na aliyekuwa nalo hakulihamisha kila siku. Lilikuwa na mahali pake.

Ncha moja ya bonde ilikuwa imefungwa, nyingine imelika hadi usawa wa ukingo. Katikati paling'aa, na mikwaruzo ilienda kwa urefu. Lakini karibu na ncha iliyofungwa palikuwa na vidimbwi vidogo kama alama za ndui. Hivyo ndivyo nilivyokuwa navitafuta. Jiwe likitumika sana hulainika, nafaka inateleza bila kusagika, na msagaji hulazimika kuligonga upya kwa kijiwe kigumu ili lirudishe meno. Maji hayagongi jiwe namna ile, wala kuku. Vidimbwi vilibaki pale nyuma kwa kuwa mkono haukusugua sana, ilhali katikati vilikwisha futika. Maana yake jiwe liligongwa, likasagiwa kwa muda mrefu baadaye, na halikugongwa tena.

Kwa kuwa bonde lilikuwa na kuta, nikamwambia atafute jiwe lisilozidi sentimita 21, lenye tumbo la mviringo na mgongo unaojaa viganja viwili. Alilikuta nyuma ya mlango, likizuia upepo usiubamize. Lilikuwa na sentimita 19, na ncha zake zote mbili zimeng'aa kwa kusugua kuta za bonde. Alipompelekea bibi, bibi alilishika bila kuambiwa kitu, akaligeuza upande wake wenyewe.

Hatua ya nne: kijaa

Kijaa ni cha watu wa pwani zaidi, na ndugu zake wako Uarabuni na India. Ni mawe mawili ya duara, moja juu ya jingine. La juu lina tundu pana la katikati linalopenya, ambalo nafaka hutiwa kwa konzi, na karibu na ukingo lina kitundu cha mpini. La chini lina kitundu chembamba cha kushika kijiti au chuma cha katikati. Ukipata moja tu, angalia uso uliosaga: la chini huelekea kuvimba kidogo katikati, na la juu kubonyea, ili unga uteremke kwenda pembeni.

Usidhani kila kijaa kilitoa unga laini. Kazi yake kubwa majumbani ilikuwa pia kupaaza choroko na kunde, yaani kuzipasua vipande viwili ili maganda yapetwe kwa ungo. Ukitia nyingi kwa mara moja jiwe la juu hunyanyuka na zinatoka chenga. Ukitia kidogo kidogo ndipo unapata unga.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwetu Rukwa kuna mwamba wenye vishimo vingi vidogo vimepangwa mistari. Ni vya kusagia ulezi?*

Marahaba. Vikiwa vimepangwa safu zilizonyooka, vinatoshana ukubwa, na kila kimoja kinajaa ngumi tu, fikiria bao kwanza. Bao lililochongwa mwambani lipo hata Hyrax Hill, karibu na Nakuru. Ulezi unahitaji nafasi ya kusukuma jiwe mbele na nyuma, na kishimo cha ngumi hakina nafasi hiyo. Angalia pia kama jirani pana sehemu pana iliyolainika, kwani mwamba mmoja huweza kuwa na yote mawili.

*Kaka, mimi nina la duara lenye tundu la mraba katikati. Ni kijaa cha juu au cha chini?*

Dada, nina shaka kama ni kijaa. Pitisha kidole kwenye ukingo wake wa nje. Kama ukingo ndio umelainika au umelika vibaya, na nyuso mbili bado ni mbichi, hilo ni jiwe la kunolea visu na mapanga. Tundu la mraba lilishika chuma cha mraba lisizunguke bure. Kijaa hulika usoni. Tuletee picha ya ubavuni tuhakikishe.

*Bonde la jiwe letu lina mifereji miwili myembamba inayong'aa. Ndivyo unga ulivyopita?*

Hapana. Mfereji mwembamba wenye umbo la herufi V umetokana na kunoa chuma. Mawe mengi ya kusagia yalimalizia maisha yao hivyo mashine za kusaga zilipofika. Kama mfereji unakata juu ya vidimbwi vya kugonga, umekuja baada ya kusaga.

*Je, picha inaweza kuonyesha kama lilisaga mtama au mahindi, na ni la mwaka gani?*

Haiwezi lolote kati ya hayo. Kinachoweza kutaja nafaka ni chembe za wanga zilizonasa kwenye matundu ya jiwe, nazo huonekana kwa hadubini maabara. Ndiyo maana nimekataza brashi. Matundu yakiwa na wekundu wa udongo, huenda lilisagiwa rangi. Kuhusu umri, umbo hili halikubadilika kwa muda mrefu sana. Ukilikuta limezikwa ardhini pamoja na vigae au mifupa, liache palepale na utoe taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Sheria ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

*La kwetu ni la marehemu bibi, tunajua historia yake. Tunataka kulisagia uwele tena.*

Kama halikupata kusagiwa rangi wala dawa, inawezekana. Lioshe kwa maji moto bila sabuni, likauke juani. Ligonge bonde lote kwa kijiwe kigumu, vipigo vyepesi vinavyokaribiana, na funika macho kwa miwani. Kisha saga konzi mbili za nafaka usiyoijali na uwape kuku. Ya tatu chukua unga kidogo, utafune kwa meno ya mbele. Ukisikia changarawe, saga konzi nyingine ya kuku. Usiposikia, lete uwele.