Rejesta ya vihatarishi: namna ya kujaza mstari mmoja ukakamilika

Rejesta ya vihatarishi ni orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi na namna ya kuyakabili. Kwenye kazi za darasani, rejesta nyingi huwa na mistari ishirini isiyosema kitu. Mitano iliyochambuliwa vizuri ina faida zaidi. Hapa tunajaza mmoja tu. Mradi wetu wa mfano ni ujenzi wa madarasa mawili Kibaha: bajeti ni shilingi 60,000,000, na msingi unachimbwa Machi, masika yanapoanza.

Hatua ya 1: Andika sentensi yenye chanzo, tukio na athari. Ukiandika "mvua" hujaandika kihatarishi. Andika hivi: "Kwa kuwa msingi unachimbwa wakati wa masika, mitaro inaweza kujaa maji na kingo kubomoka kabla ya zege kumwagwa, hivyo kazi ikasimama wiki mbili na kugharimu shilingi 5,000,000." Kama mitaro imeshajaa, hicho si kihatarishi tena, ni tatizo, na lina daftari lake.

Hatua ya 2: Pima. Zidisha uwezekano kwa hasara upate hasara inayotarajiwa. Tukikadiria uwezekano kuwa asilimia 60:

```
0.60 × 5,000,000 = 3,000,000
```

Eleza umepataje hiyo 60. Mwalimu atauliza.

Hatua ya 3: Chagua mkakati. Kuepuka ni kuchimba Januari, lakini tuseme fedha zinaingia mwishoni mwa Februari, kwa hiyo njia hiyo imefungwa. Kuhamisha kwa bima huenda kukarudisha fedha. Wiki mbili hazirudi. Kukubali tu kwa hasara ya ukubwa huu ni kubahatisha. Kinachobaki ni kupunguza: chimba kipande kwa kipande, kila kipande kimwagwe zege kabla ya kufungua kingine, na pampu ya maji iwepo eneo la kazi. Gharama yake ni shilingi 800,000.

Hatua ya 4: Pima tena. Hapa ndipo wengi huishia njiani. Baada ya hatua hizo uwezekano unashuka hadi asilimia 20 na hasara hadi 3,000,000:

```
0.20 × 3,000,000 = 600,000
```

Umeshusha 2,400,000 kwa kutumia 800,000, kwa hiyo mkakati unalipa. Zile 600,000 ziingie kwenye akiba ya dharura. Ila mvua ikiharibu kweli, utahitaji 3,000,000 nzima. Akiba hutosha pale tu inapojumlishwa kutoka vihatarishi vingi ambavyo havitatokea vyote pamoja. Andika pia kihatarishi kipya ulichokizaa: zege la vipande huacha maungio, na yasipoandaliwa vizuri msingi unadhoofika hapo.

Hatua ya 5: Weka mhusika na dalili. "Timu" si mhusika. Andika "foromani". Dalili iwe kitu kinachoonekana: Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotabiri mvua kubwa ndani ya siku tatu, hakuna kipande kipya kinachofunguliwa, na pampu inawashwa kwa majaribio siku hiyohiyo.