Tofauti ya vipeuo ikiwa na kipeo p: jumla inafika kikomo au haifiki?

Jumapili mpwa wangu wa mwaka wa kwanza chuoni alipanda daladala mpaka Uyole na daftari lake kifuani. Swali lilikuwa hili:

```
Σ (√(n+1) − √n)^p,   n = 1, 2, 3, ...
```

Aliulizwa ni kwa p zipi jumla inafika kikomo. Yeye alianza na p = 2, akajumlisha vipande ishirini kwa kikokotoo, akaona nyongeza zimekuwa ndogo mno, akaandika kwamba jumla inafika kikomo. Akapigwa mkasi. "Mjomba, mbona namba zenyewe zinatulia?"

Hazitulii. Nilimwonyesha jumla za p = 2: vipande 100 vinatoa 1.15 hivi, vipande 1,000 vinatoa 1.72, vipande 10,000 vinatoa 2.30. Kila ukizidisha idadi ya vipande kwa kumi, jumla inaongezeka kwa 0.58 hivi, ileile kila mara. Ukuaji wa namna hiyo ni wa logi, nao hauna kikomo.

Hatua ya 1: usifungue mabano. Kwa p = 2 wengi huandika 2n + 1 − 2√(n²+n), na hapo wamekwama: namba mbili kubwa zinatoana na huoni kinachobaki. Acha kipeo nje, shughulika na kilicho ndani.

Hatua ya 2: zidisha kwa pacha mwenye alama ya kujumlisha, juu na chini.

```
√(n+1) − √n = ((n+1) − n) / (√(n+1) + √n)
            = 1 / (√(n+1) + √n)
```

Kutoa kumegeuka kuwa kujumlisha, na vipeuo vimehama kutoka kwenye kiasi kwenda kwenye asili.

Hatua ya 3: weka uzio pande zote mbili. Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama tena, na mimi zamani nilipoteza usiku mzima hapahapa. Aliona kwamba √(n+1) ni kubwa kuliko √n, kwa hiyo asili inazidi 2√n, na kipande cha p = 2 ni kidogo kuliko 1/(4n). Akasema: Σ 1/(4n) haina kikomo, basi na mfululizo huu hauna. Jibu ni sahihi, lakini hoja haishiki. Kuwa mdogo kuliko kitu kisicho na kikomo hakukwambii chochote. Σ 1/n² nayo ni ndogo kuliko Σ 1/n, na ina kikomo.

Ukitaka kuonyesha kwamba jumla inakua bila kikomo, unahitaji uzio wa chini. Safari hii badilisha √n kwa √(n+1): asili haifiki 2√(n+1). Kwa p yoyote iliyo chanya unapata

```
1/(2√(n+1))^p  <  (√(n+1) − √n)^p  <  1/(2√n)^p
```

Jaribu n = 100 na p = 2. Kipande ni 0.002488, kati ya 1/404 (0.002475) na 1/400 (0.0025). Uzio umebana vizuri. Ila n ikiwa kubwa sana usihakiki kwa kutoa vipeuo ulivyonakili kutoka kwenye kioo cha tarakimu 10: kwa n = 10¹² utapata sifuri, wakati jibu halisi ni karibu 0.0000005. Tumia umbo la Hatua ya 2.

Na p ikiwa sifuri au hasi, usisumbuke na uzio. Vipande haviendi kwenye sifuri, kwa hiyo jumla haina kikomo.

Hatua ya 4: soma kipeo cha n. Pande zote mbili zinafuata 1/n^(p/2), na Σ 1/n^s ina kikomo pale tu s inapozidi 1. Kwa hiyo p lazima izidi 2. Kwa p = 3 tumia uzio wa juu, 1/(8n^(3/2)): inafika kikomo. Kwa p = 2 tumia wa chini, 1/(4(n+1)): haifiki. Mtihani wa uwiano uache kabisa hapa. Unatoa 1 kwa kila p.

Kabla hujaikariri hiyo 2, tazama kilichobaki juu baada ya kuzidisha. Kwa √(n²+n) − n, juu inabaki n, na tofauti inaelekea 1/2. Vipande vinaelekea (1/2)^p, ambayo si sifuri, kwa hiyo hakuna p chanya itakayouokoa mfululizo huo. Kwa √(n²+1) − n inabaki 1, lakini asili sasa ni karibu 2n badala ya 2√n. Huo nilimwachia mpwa wangu aufanye peke yake kabla chai haijapoa, akapata p > 1, na safari hii aliandika uzio wa chini wa p = 1 bila kukumbushwa: 1/(2(n+1)).