Kivuli cha dau: somo la tochi na boksi kwa watoto wa chekechea

Somo hili nalifundisha hapa Langoni, Lamu, kwa watoto wa miaka 4 hadi 6. Nataka waondoke na jambo moja: dau la karatasi likisogea kwenye tochi, kivuli chake ukutani hukua. Wengi hudhani kinyume, kwamba likiukaribia ukuta ndipo kivuli kinakuwa kikubwa. Usiwasahihishe mapema. Kila mmoja aseme kwanza, kisha tochi iamue.

Kata dau. Liwe na tanga la pembetatu, na urefu wa sentimita 10 kutoka chini hadi ncha ya tanga. Tumia boksi la biskuti, kwani karatasi ya daftari hupitisha mwanga na kivuli kinatoka kijivu. Libandike kwa solotepu kwenye chelewa mbili ulizochomoa kwenye fagio. Chelewa moja haitoshi, dau litazunguka. Wanaotaka punda au samaki watoboe jicho badala ya kulichora. Hata hivyo mimi humwacha mmoja alichore kwa kalamu, alitafute ukutani alikose, ndipo tunaulizana kwa nini.

Ziba tochi. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanalaumu betri. Kioo cha tochi ya kawaida kina upana wa kama sentimita 4, na kila sehemu ya kioo hicho inamulika dau kutoka mahali pake. Vivuli vyote hivyo vinapandana bila kulingana, na kingo zinafifia. Dau likiwa karibu sana na tochi, utaona wingu tu ukutani. Funika kioo kwa karatasi nyeusi yenye tundu moja la unene wa penseli. Mwanga utapungua lakini tanga litaonekana tanga. Tochi ya simu haihitaji kuzibwa, taa yake ni ndogo tayari.

Panga chumba. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe kina giza la kutosha hata mchana. Weka tochi juu ya kiti, sentimita 200 kutoka ukutani, na uifunge isicheze. Kwenye sakafu piga mistari mitatu ya chaki, sentimita 100, 50 na 25 kutoka kwenye tochi. Watoto wakae pembeni, si mbele ya tochi, mwanga usiwapige machoni.

Sogeza dau. Anza mstari wa 100. Kivuli kitakuwa na sentimita 20, yaani shibiri moja ya mtu mzima. Kabla ya kusogea, waulize: mbele au nyuma? Mstari wa 50 kinafika 40, na wa 25 kinafika 80, karibu kumfika mtoto mabegani. Wapime kwa shibiri zao, wasikwambie "kikubwa" tu.

Halafu mwambie mmoja ashike uzi kutoka kwenye tundu la tochi, uguse ncha ya tanga, uende moja kwa moja hadi ukutani. Utaishia kwenye ncha ya kivuli. Dau likisogea kwenye tochi, uzi unalazimika kupanda zaidi, na hapo wanaona kwa macho yao ni nini kinachokikuza.

Mwanzoni nilimpa mtoto ashike tochi. Alimfuata mwenye dau hatua kwa hatua, vyote viwili vikaenda ukutani, kivuli kikapungua na hakuna aliyejua ni kwa sababu ya nini. Tangu siku hiyo tochi haitoki kwenye kiti.

Maswali

*Mama wa wawili, Shela:* Ukuta wangu una rangi ya buluu iliyokoza. Nitumie shuka?
Tumia, dada, ila ivute ikaze. Shuka ikipepea, dau litaonekana linakwenda lenyewe na watoto watasahau swali.

*Mwalimu, Malindi:* Tochi yangu ina vitaa vingi, na punda mmoja anatoa vivuli vingi.
Mwalimu, kila kitaa kinatoa kivuli chake. Acha kimoja, ziba vingine. Ukitaka, siku ya pili fungua viwili, wahesabu vivuli.

*Baba mmoja:* Nimejaribu juani na mwanangu. Nimeinua dau mpaka juu ya kichwa, kivuli hakikui. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Tochi iko sentimita 50 tu kutoka kwenye dau, kwa hiyo hatua moja inabadilisha mengi. Jua liko mbali kama kilomita milioni 150, na mkono wako ukiinuka mita moja kwake ni kama hujasogea. Likabilishe dau na jua, ushike karatasi nyeupe nyuma yake, nayo ilikabili jua: kivuli kitabaki sentimita 10. Karatasi ikiwa mita moja nyuma, kingo ndizo zitakazofifia, kwa kiasi cha sentimita moja hivi, kwani jua nalo ni pana kama kile kioo cha tochi. Mwambie mtoto atazame karatasi, asilitazame jua.