SOMO: Pima uwezo wako wa kubeti kwa odi ya mwisho, si kwa faida ya mwezi

Wakuu, tuanze na hesabu moja. Mtu anabeti mechi 100, dau lilelile kila mara, odi zikizunguka 2.00. Ana uwezo wa kweli wa kupata 3% juu ya kila dau. Kwa wastani atarajie faida ya dau 3. Shida ni kwamba bahati peke yake, kwa mechi 100 za odi hizo, inayumbisha matokeo kwa kama dau 10 juu au chini. Kwa hiyo huyu fundi ana uwezekano wa takribani 38% wa kumaliza na hasara. Na asiyejua kitu, anayepoteza 3% kila dau, ana uwezekano huohuo wa 38% wa kumaliza na faida, halafu anaanza kuuza mikeka.

Odi ya mwisho, yaani ile iliyopo mpira ukikaribia kuanza, haisubiri goli wala penalti. Wakati huo vikosi vimetangazwa na wenye pesa nyingi wameshaweka dau zao, hivyo bei imebeba karibu kila kinachojulikana. Kama wewe hununua kwa 2.05 kitu ambacho baadaye soko linasema ni cha 1.95, na ukirudia hivyo wiki baada ya wiki, hapo kuna ujuzi.

Hatua ya 1. Unapobeti, andika palepale soko, odi uliyopata na saa. Andika mikeka yote. Ukiandika ile uliyoipenda tu, hesabu nzima imeharibika.

Hatua ya 2. Dakika chache kabla ya mechi, chukua odi za pande zote mbili (au tatu, kama soko lina sare) kutoka kampuni inayopokea dau kubwa na isiyofukuza washindi. Usitumie kampuni uliyobetia kama huwa inachelewa kubadilisha bei: utakuwa unalinganisha bei mbovu na bei mbovu.

Hatua ya 3. Ondoa faida ya kampuni. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Mfano: umechukua ova 2.5 kwa 2.05. Mwishoni ova ni 1.90 na anda ni 2.00. Gawa 1 kwa kila odi: 0.526 na 0.500, jumla 1.026. Hiyo 0.026 iliyozidi ni ya kampuni. Zidisha 1.90 kwa 1.026 upate odi halali, 1.95. Sasa 2.05 gawanya kwa 1.95: umeizidi kwa 5.1%. Ungelinganisha na 1.90 moja kwa moja ungejipa 7.9%, na sehemu ya hiyo ni hewa.

Kwenye jedwali la kompyuta, odi yako ikiwa B2, ya mwisho C2 na ya upande wa pili D2:

```
=B2/(C2*(1/C2+1/D2))-1
```

Hatua ya 4. Tafuta wastani. Namba hizi hazirukiruki kama faida. Zikitofautiana kwa pointi 5 hivi kati ya mkeka na mkeka, wastani wa mikeka 100 unayumba kwa nusu pointi tu. Ukiona 3% hapo, si bahati rahisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina +3% kwa mikeka 300 lakini nimepoteza dau 8. Niendelee?
Ulitarajiwa kuwa +9, na bahati kwa mikeka 300 inayumbisha kwa dau 17 hivi. Uko ndani ya kawaida. Ila kagua Hatua ya 2 kwanza: ligi ndogo zisizobetiwa sana zina odi ya mwisho dhaifu, na kuizidi hakuthibitishi mengi.

Mimi nina faida nzuri, ila odi ya mwisho inanipiga kila mara. Tatizo liko wapi?
Kwenye ligi kubwa, ichukulie faida hiyo kama mkopo. Kinachoweza kukutetea ni kama unajua jambo ambalo soko halilijui hata mpira unapoanza, na hilo linahitaji mikeka maelfu kuthibitika.

Nilichukua ova 2.5, mwishoni soko limehamia 2.75. Nalinganishaje?
Usilinganishe odi za mistari miwili tofauti. Tafuta odi ya mwisho ya 2.5 yenyewe, ova na anda. Kampuni nyingi bado huionyesha pembeni. Isipokuwepo, acha mkeka huo nje ya hesabu, lakini andika kwamba umeuacha.

Na mkeka wa mechi tatu?
Piga kila mechi peke yake, kisha zidisha. Ukizidi 2% kila moja, ni 1.02 mara tatu, karibu 6.1%. Ukiwa chini kwa 3% kila moja, umebaki na 0.913, yaani umeshapoteza karibu 9% kabla filimbi haijalia.