Ukikosea maneno ukiwa na maiki mkononi: namna ya kujinasua

Juzi kijana ninayemfundisha ushereheshaji aliwaambia wazazi kwenye sendofu "poleni" badala ya "hongereni". Akaganda. Nilichomwambia tukiwa garini ndicho hiki.

1. Nyamaza. Pumzi moja tu.

2. Tazama meza ya mbele. Kama hakuna aliyegeuka, endelea na ratiba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watafiti wa Marekani waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuwaaibisha, wakawaingiza chumbani mwa wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya wenzao wameiona picha iliyokuwa kifuani. Walioiona hawakuzidi robo.

3. Jiulize kosa limemwangukia nani. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi.

Likikuangukia wewe mwenyewe, tania, na utani ukupige wewe. Yule kijana angesema, "Pole ni yangu mimi, ninyi wazazi, hongereni!" Ukumbi ungecheka, mambo yakaisha.

Likimwangukia mtu mwingine, usitanie kabisa. Miaka kadhaa iliyopita nilimkaribisha baba mdogo wa bibi harusi kama "mdogo wa marehemu mzee wetu". Mzee mwenyewe alikuwa meza ya mbele, soda mkononi. Kwa hofu nikaropoka, "Kumbe mzee kafufuka!" Hakucheka mtu. Shangazi mtu akasimama. Nikaanza kueleza kwamba karatasi niliyopewa ilikuwa na makosa, yaani nikaitupia familia lawama mbele ya wageni wao. Kisha nikaomba radhi mara nne hadi chakula kinaletwa, na kila mara nikilitaja tena lile neno.

Siku hizi ningeshuka jukwaani, nimsogelee, niseme: "Mzee wangu, shikamoo. Nimekosea, naomba radhi." Shikamoo ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu akiitikia "marahaba" ukumbi mzima umesikia sauti ya mtu aliye hai, na yeye amerudishiwa heshima yake bila wewe kujitetea. Ila maiki iwe karibu naye, usimsukumie mdomoni. Asipoitikia, usirudie, inamisha kichwa, umkaribishe baba mdogo. Neno lenye kosa usilitaje tena hata kwa kulisahihisha. Na kama aliyeguswa ni rika lako au mdogo wako, shikamoo itageuka kejeli, kwa hiyo sema tu "nimekosea, samahani", na jina lake ulitaje sawasawa.

4. Mpe dijei ishara. Mimi sipendi wimbo wa kufunika aibu, hasa ule wa kuchekesha. Afadhali tukio linalofuata lianze papo hapo: zawadi, keki, chochote kilichopo kwenye ratiba.

5. Baadaye nenda mezani bila maiki. Anza na aliyekasirika, si aliyekosewa. Kwangu alikuwa shangazi. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimeshakula, halafu akanisogezea kiti.